Picha ya Mgongo wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo ameletwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 54, akishikwa mkono na binti yake. Kabla hajakaa alinikabidhi bahasha ya picha za MRI. "Dokta, diski tatu zimetoka," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye kesi yake imeshahukumiwa. Ameambiwa asiiname wala asibebe ndoo. Tangu hapo anatembea amejifunga mkanda mpana kiunoni hata wakati wa kulala, na ukoo umeanza kuchanga fedha za upasuaji.

Ripoti inasema diski za L3/L4, L4/L5 na L5/S1 zimepungua maji na zimetuna, na ile ya L4/L5 imetuna zaidi upande wa kushoto na kulipunguza kidogo tundu la kutokea neva. Hakuna diski iliyopasuka ikamwaga kiini chake. Hakuna neva iliyosukumwa kutoka mahali pake. Niliisoma hadi mwisho kisha nikaifunika, nikamwomba anionyeshe kwa kidole mahali panapouma.

Kidole kilikwenda kwenye kinena cha kulia.

Nilimwomba aonyeshe tena, nikidhani pengine anaanzia pale na kupanda mgongoni. Hapana. Maumivu yake yanaanza kinenani, yanashuka mbele ya paja na kuishia juu kidogo ya goti. Mgongo wenyewe humuuma kidogo akisimama darasani muda mrefu, lakini kilichomleta si hicho. Kilichomleta ni kushuka kwenye bajaji, kuvaa viatu, na kupanda ngazi za ofisi ya elimu. Kukohoa hakumuumizi, na kuinama mbele kunamvuta tu nyuma ya mapaja.

Nilipima neva kwanza, kwa kuwa ndizo zilizoshitakiwa. Nilimlaza chali nikauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, na haukuleta maumivu yoyote chini ya goti. Nilimgeuza kifudifudi nikalikunja goti na kulirudisha paja nyuma. Kipimo hiki kinazivuta neva za juu za kiuno, ambazo ndizo zingeweza kupeleka maumivu mbele ya paja. Hakikuleta kitu. Nilipogonga magoti kwa nyundo, miguu yote miwili iliruka sawasawa. Alitembea kwa visigino, akatembea kwa ncha za vidole, na hakuna ngozi iliyokuwa na ganzi.

Kisha nikamrudisha chali, nikalikunja paja la kulia hadi nyuzi 90, nikaupeleka wayo nje taratibu ili nyonga izunguke ndani. Haikuzunguka hata nusu ya ile ya kushoto, naye akanishika mkono. "Hapo hapo! Ndiyo yenyewe."

Nimeagiza eksirei ya nyonga. Mkanda nimemwomba aanze kuuvua usiku.

Jumatano, 5 Machi 2025

Binti yake amepiga simu. Amekasirika, kwa adabu, na ana haki. Anauliza: kama mashine ya bei kubwa vile imeona diski tatu, inawezekanaje mimi niseme si hizo? Nilimjibu kwa kifupi, lakini nataka kuliandika jibu lote hapa, maana swali hili nitaulizwa tena.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Brinjikji walikusanya tafiti 33 zilizopiga picha viuno vya watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, jumla yao 3,110. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20 hivi, asilimia 30 walikuwa na diski iliyotuna. Kwa miaka 50 ni asilimia 60, na kwa miaka 80 ni asilimia 84. Diski iliyopungua maji na kuchakaa ilionekana kwa asilimia 80 ya watu wa miaka 50. Hawa wote walikuwa wanaishi bila kulalamikia mgongo. Miaka zaidi ya 20 kabla yao, Jensen na wenzake walipiga picha watu 98 wasioumwa, wakakuta nusu yao wana angalau diski moja iliyotuna, na kama robo wana diski iliyochomoza mahali pamoja.

Kwa hiyo nikiwachukua walimu kumi wa umri wa huyu mama, wote wazima, wanaocheza ngoma harusini, nikiwapeleka kwenye mashine ileile, nategemea sita kati yao watarudi na bahasha yenye maneno kama yake. Hilo ndilo nililomwambia binti. Picha haikudanganya, diski zimetuna kweli. Ila kutuna kwake hakuwezi kumtofautisha mama na wenzake wasioumwa, na kitu kisichoweza kuwatofautisha hakitoshi kuwa ushahidi wa kinachomuuma.

Lakini nisiende upande wa pili kupita kiasi, kama wanavyofanya wenzangu wengine siku hizi wanaosema picha haina maana yoyote. Mwaka huohuo 2015 kundi la Brinjikji lilitoa makala ya pili. Walilinganisha watu wa miaka 50 kushuka wenye maumivu ya kiuno na wasio na maumivu, na wakakuta kwamba diski zilizotuna, zilizochomoza na zilizomwaga kiini huonekana zaidi kwa wanaoumwa. Uhusiano upo. Upo katika kundi la watu, na unaonekana wazi zaidi kwa wenye umri mdogo, kwa sababu huko diski iliyochakaa bado si kitu cha kila mtu. Kijana wa miaka 25 mwenye diski iliyomwaga kiini upande wa mguu unaouma ananifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mama wa miaka 54 mwenye diski tatu zilizotuna ananirudisha kwenye kidole chake na mahali kilipoonyesha.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Dereva wa lori, miaka 38, anayekwenda Tunduma na kurudi. Nafurahi amekuja wiki hii ambayo kichwa changu kimejaa habari za mwalimu, kwa sababu yeye ni kinyume chake, na ripoti zao ukizisoma harakaharaka zinafanana.

Mstari wa kwanza wa ripoti yake, ule ulioandikwa kwa herufi nzito, unasema diski ya L4/L5 imetuna, zaidi kushoto. Mstari wa pili, kwa herufi za kawaida, unasema diski ya L5/S1 imechomoza nyuma upande wa kulia na kuisukuma neva ya S1 ya kulia. Yeye na tajiri wake wameshika ule wa kwanza. Alisema, "L4/L5 ndiyo mbovu, wameniandikia kwa herufi kubwa."

Niliacha ripoti nikamsikiliza. Ilianza ghafla, wiki tatu zilizopita, alipokuwa anakaza turubai. Mgongo uliuma siku mbili, kisha ukatulia, na maumivu yakahamia mguu wa kulia. Sasa mguu unauma kuliko mgongo. Maumivu yanapita kwenye tako, nyuma ya paja, shavu la mguu, hadi ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo. Akikohoa, shoti inapiga hadi kisigino. Kukaa kwenye usukani ndiyo adhabu kubwa, na kusimama kunampa nafuu.

Mwilini mambo yalijipanga. Mguu wa kulia ulipofika nyuzi 40 hivi shoti ilimpiga hadi wayoni. Nilipoinua wa kushoto, maumivu yakaja kwenye mguu wa kulia. Dalili hiyo haitokei mara nyingi, na ikitokea inaelekeza kwa nguvu kwenye diski inayoibana neva. Nilipogonga nyuma ya kifundo cha kulia wayo haukuruka, ulikuwa kimya, wakati wa kushoto uliruka vizuri. Alipojaribu kusimama kwa ncha ya vidole kwa mguu wa kulia peke yake, alijiinua mara nne tu akashindwa. Kwa kushoto alifika ishirini bila kuhema. Ukingo wa nje wa wayo una ganzi. Kidole gumba alikinyanyua kwa nguvu zote dhidi ya mkono wangu, na goti liliruka.

Hayo yote ni ya neva ya S1: nguvu ya shavu la mguu, kuruka kwa wayo, ganzi ya ukingo wa nje. Ingekuwa L5, ningetegemea ganzi juu ya wayo kuelekea kidole gumba, na shida ya kukinyanyua kidole hicho au kutembea kwa visigino. Ingekuwa L4, shida ingekuwa kwenye goti na upande wa ndani wa muundi.

Na neva ya S1 inabanwa na diski gani? Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata wanafunzi wetu. Neva ya L5 huwa imeshatoka nje juu kidogo ya diski ya L5/S1, inapita kando. Inayokuwa njiani kuteremka, ikipita nyuma ya diski hiyo, ni S1. Kwa hiyo diski ya L5/S1 ikichomoza nyuma upande mmoja, kwa kawaida inayoumia ni S1. Diski ya L4/L5 vivyo hivyo huibana L5. Isipokuwa diski ikichomoza mbali pembeni kabisa, ndipo inaikuta ile neva inayotoka, na hesabu inarudi nyuma ngazi moja.

Basi nimepata ngazi, upande na neva, na vyote vitatu vinakutana kwenye mstari wa pili wa ripoti, ule wa herufi za kawaida. Diski ya L4/L5 ya kushoto haiwezi kulifanya shavu la mguu wa kulia lichoke. Pengine alikuwa nayo miaka mitano, akiendesha hadi Tunduma bila kujua.

Nimemweleza kwamba maumivu ya neva ya namna hii kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili bila kisu. Amerudi nyumbani na dawa, mazoezi machache ya kutembea, na onyo moja lililoandikwa: mkojo ukigoma kutoka, au sehemu inayogusa tandiko la baiskeli ikifa ganzi, au miguu yote miwili ikilegea, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Nimemwambia pia kwamba nguvu ya mguu ikizidi kushuka arudi kabla ya tarehe yake.

Jumatano, 19 Machi 2025

Nimekunywa chai na rafiki yangu anayesoma picha. Nilimpelekea lile jambo la herufi nzito, bila kumtaja mgonjwa. Hakujitetea. Alinionyesha fomu ya maombi kwenye simu yake, mfano wa kawaida wa zile anazopokea. Sehemu ya maelezo ya mgonjwa ina maneno matatu: maumivu ya mgongo. Hakuna upande, hakuna mguu, hakuna umri wa tatizo. "Sasa mimi niandike nini, kaka? Naandika kila ninachokiona."

Ana haki. Na kila anachokiona hakiwi kilekile kwa kila jicho. Mwaka 2017 Herzog na wenzake walimpeleka mama mmoja wa miaka 63 mwenye maumivu ya mguu kwenye vituo kumi tofauti vya MRI ndani ya wiki tatu. Ripoti kumi zilitaja mambo 49 tofauti, na hakuna hata jambo moja lililotajwa na zote kumi. Mgongo ulikuwa mmoja, na wiki tatu hazitoshi kuubadilisha. Nikiwa na mgonjwa mwenye ripoti mbili zinazopingana, anadhani ugonjwa umekua au umepona, kumbe wamebadilika wasomaji.

Tumekubaliana kitu kimoja cha kufanya. Fomu zitakazotoka kwangu zitaandika upande, mstari wa maumivu, neva ninayoishuku, na swali. Mfano: "Mguu wa kulia, ukingo wa nje wa wayo, wayo haukuruka, nashuku S1 ya kulia. Je, kuna kinachoibana?" Yeye naye atalijibu swali hilo kwanza, kisha aorodheshe mengine chini, na pale panapofaa ataandika kwamba mengine hayo ni ya kawaida kwa umri huo. Anasema ni kazi rahisi zaidi kwake, maana anajua pa kutazama mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi 2025

Kwa haraka, nimechoka. Leo amekuja mzee ambaye hakuwa na picha yoyote, na huyu ndiye niliyemtaka apigwe picha wiki hiihii. Maumivu hayampi nafuu akilala, yanamwamsha usiku. Nguo zimemlegea, jioni anapata homa, na nilipogonga pingili moja ya katikati ya mgongo aliruka. Kwetu hapa mtu wa namna hii ninamfikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo kabla ya diski, na saratani baada yake. Katika picha yake nitatafuta mambo ambayo watu wazima wasioumwa hawana: pingili iliyoliwa, usaha pembeni, uboho uliobadilika. Hayo hayahitaji kulinganishwa na asilimia za umri.

Jumatano, 2 Aprili 2025

Eksirei ya mwalimu imerudi. Nafasi ya nyonga ya kulia imebana sana upande wa juu na mfupa umeota pembeni. Ya kushoto ni nzuri. Hapo nilijizuia, kwa sababu kanuni niliyoitumia kwenye diski lazima niitumie na hapa. Nyonga zilizosagika kwenye picha nazo zipo kwa watu wasioumwa. Nisiwe mtu wa kuitupa picha moja na kuikumbatia nyingine kwa kuwa inanipendeza.

Tofauti ni kwamba hapa picha imekuja nyuma ya mwili. Kidole kilionyesha kinena, kuizungusha nyonga kulirudisha maumivu yaleyale kwa upande uleule, na vipimo vya neva vyote vilikuwa safi. Hata hivyo nilitaka ushahidi mmoja zaidi, kwa ajili yake na kwa ajili ya ukoo unaochanga. Daktari wa mifupa amemchoma sindano ya ganzi ndani ya kiungo cha nyonga, akiongozwa na picha. Nusu saa baadaye mwalimu alishuka kitandani, akavaa viatu vyake mwenyewe, akapanda ngazi za kliniki akirudi kunifuata. Maumivu ya kinena yalikuwa yameondoka. Mgongo ulikuwa bado unauma kidogo, kama siku zote. Sindano haikuigusa diski hata moja.

Binti yake aliuliza kwa upole, "Kwa hiyo zile diski tuzifanyeje, dokta?" Nilimwambia mama aanze tena kuinama, abebe ndoo akianza na nusu, na mkanda aufue aukunje. Suala la michango litaangaliwa upya na daktari wa mifupa, ikiwa itahitajika kwa ajili ya nyonga. Mwalimu mwenyewe alitaka kujua jambo jingine: miezi hii yote aliyokaa bila kuinama imemdhuru? Nilimwambia ukweli, imempunguzia nguvu ya mgongo na mapaja, na zitarudi kwa kutumika. Ndiyo maana nataka aanze kesho.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Dereva amerudi. Sasa ni takribani wiki kumi na mbili tangu ile siku ya turubai. Maumivu ya mguu yamebaki kidogo kwenye shavu la mguu akikaa zaidi ya saa mbili. Shoti ya kukohoa imekwisha. Mguu ulionyooka unapanda hadi nyuzi 70 bila kelele. Kwa ncha za vidole vya kulia amejiinua mara kumi na sita. Wayo bado hauruki nikigonga, na huenda usiruke tena, jambo lisilomzuia kufanya kazi.

Ameomba apigwe picha nyingine. Tajiri anataka cheti kinachoonyesha kwamba diski "imerudi". Namwelewa, kazi yake iko hatarini, na hakuna anayetaka kumkabidhi mtu lori lenye mzigo wa mamilioni kwa maneno matupu. Lakini picha haiwezi kujibu anachouliza tajiri. Uholanzi walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2007, la Peul na wenzake, wagonjwa 283 wenye maumivu ya neva ya mguu kutokana na diski. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi kuliko waliosubiri kwanza, na baada ya mwaka mmoja makundi mawili yalikuwa karibu sawa. Wagonjwa 267 wa jaribio hilo walipigwa MRI tena baada ya mwaka, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Diski iliyochomoza bado ilionekana kwa asilimia 35 ya waliopona vizuri, na kwa asilimia 33 ya ambao hawakupona vizuri. Ukipewa picha ya baada ya mwaka bila jina, huwezi kusema mwenyewe anaendesha lori au amelala.

Kwa hiyo cheti nilichomwandikia tajiri hakina picha. Kina mambo ambayo yeyote anaweza kuyapima upya: mguu wa kulia, mara kumi na sita kwa ncha za vidole, kushoto ishirini; anakaa saa mbili kisha anahitaji kushuka na kutembea dakika kumi; mkojo na choo havina shida; asikaze turubai peke yake hadi tarehe 12 Juni, nitakapompima tena. Aende safari za Dodoma kwanza. Tunduma tutazungumza baada ya kipimo hicho.